Sinia Moja la Mandazi, Jumamosi Nne

Leo tuandike barua ya biashara, na tuiandikie Thamesmead, kule kusini-mashariki mwa London, ukingoni mwa Mto Thames.

Kwa asiyepafahamu, Thamesmead ni mji uliojengwa juu ya kinamasi. Serikali ya jiji ya wakati huo ilianza kuujenga katika miaka ya 1960, na wakazi wa kwanza wakahamia mwaka 1968. Kwa kuwa mafuriko makubwa ya mwaka 1953 yalikuwa bado hayajasahaulika, majengo ya mwanzo hayakuwekwa vyumba vya kulala chini. Chini kulikuwa na magereji, na watu walipita juu kwa juu kwenye njia za zege. Maduka yalikuwa machache na treni haikufika mjini, na wakazi walilalamikia mambo hayo kwa miaka mingi. Stesheni iliyo karibu ni Abbey Wood, na tangu Mei 2022 reli ya Elizabeth inatoka hapo hadi Canary Wharf kwa dakika 11 hivi. Leo wakazi wengi wana asili ya Afrika Magharibi, hasa Nigeria. Sisi wa Afrika Mashariki tupo, lakini tumetawanyika, na sijui duka la vyakula pale linaloweza kuishi kwa kututegemea sisi peke yetu.

Sasa tumchukue mama mmoja. Ni mfano wangu, msimtafute. Anakaa upande wa ziwa la Southmere, anapika mandazi ya nazi na iliki nyumbani kwake, na anauza kwa oda za Wotsapu. Duka analolitazama liko upande wa katikati ya mji, ni la familia ya Kinigeria: viazi vikuu, mawese, samaki wakavu, ndizi za kupika, unga wa kila namna. Jumamosi foleni inafika mlangoni. Mama anasema moyoni, mandazi yangu yangekuwa pale kwenye kaunta! Anachukua kalamu, anaandika kwamba anaomba wawe washirika, wafungue kona ya vitafunio, na wagawane faida nusu kwa nusu.

Barua hiyo naomba aichane. Haina adabu mbaya, ila ina mambo mawili yatakayomponza.

La kwanza ni hiyo faida ya kugawana. Uingereza ina Sheria ya Ubia ya mwaka 1890, na ingali inatumika. Sheria hiyo inasema ubia upo pale watu wanapoendesha biashara kwa pamoja kwa nia ya kupata faida. Haidai mkataba, haidai saini wala mwanasheria. Watu wanaweza kuwa wabia bila wenyewe kujua, kwa sababu mahakama inatazama wanavyofanya kazi, haitazami walivyojiita. Na kupokea fungu la faida ya biashara ni ushahidi wa awali kwamba wewe ni mbia. Ukishakuwa mbia, madeni ya biashara hiyo yanakufuata wewe pia, hata yale ambayo mwenzako aliyakopa bila kukuuliza. Mama wa mandazi hana haja ya kudaiwa kodi ya pango la biashara ya mtu, na mwenye duka hana haja ya kushtakiwa kwa mandazi ya mtu.

Njia ya kuepuka iko ndani ya sheria hiyo hiyo. Inasema kugawana mapato ghafi peke yake hakuzai ubia. Kwa hiyo mama asigawane faida. Ampe mwenye duka kamisheni ya kila pakiti iliyouzwa, kiasi kinachojulikana, na kila mtu abaki na biashara yake. Wanashirikiana kama muuzaji na msambazaji, basi. Tena hesabu za faida hazina mwisho: nani atakubali gharama ya umeme wa nani?

La pili ni hiyo kona. Mwenye duka kwa kawaida ni mpangaji pia, na mikataba mingi ya pango la maduka humkataza kumkabidhi mtu mwingine sehemu ya duka bila idhini ya mwenye jengo. Ukiongeza karai la mafuta ya moto, unazungumzia bomba la kutolea moshi, bima ya moto na maswali ya kaunsili. Mwenye duka akisoma neno "kona" anaona miezi sita ya usumbufu, anaikunja barua kwa heshima na kusema atakupigia. Hatapiga.

Ombi la kwanza liwe dogo kiasi kwamba kulikubali ni rahisi kuliko kulikataa. Sinia moja juu ya kaunta, Jumamosi nne, kwa mali kauli.

Mali kauli wengi wenu mnaijua. Pale Kariakoo mwenye duka la jumla humpa machinga mzigo asubuhi, na pesa zinaonekana baada ya mzigo kuuzwa. Kinachoshikilia biashara ile ni kujuana: anajua unapolala, anamjua mjomba wako. Thamesmead hakuna mjomba. Mwenye duka hamjui mama kwao, na mama hajui kama duka lina madeni. Pengo hilo linazibwa na karatasi, ndiyo maana karatasi tunaipigia hesabu leo.

Tuanze na pesa. Mama apeleke pakiti 24, kila moja mandazi manne, kwa bei ya pauni 2 na senti 50. Hayo ni mandazi 96, takribani kilo 3 na nusu za unga. Duka lichukue senti 50 kwa kila pakiti iliyouzwa, mama abaki na pauni 2. Zikiuzwa zote, duka linapata pauni 12 na mama pauni 48. Tuseme unga, tui, sukari, mafuta, mifuko na lebo vinamgharimu pauni 16. Anabaki na pauni 32 kwa kazi ya saa nne, yaani pauni 8 kwa saa. Zikiuzwa 18 tu, anapokea pauni 36, anatoa gharama zile zile 16, anabaki na 20. Hizo ni pauni 5 kwa saa, katika nchi ambayo kima cha chini cha mshahara wa mtu mzima kimeshapita pauni 12 kwa saa.

Nimewasomea hesabu hiyo makusudi, kwa sababu wengi huishia kwenye zile 48 wakafurahi. Sinia moja halilipi mshahara. Kazi ya Jumamosi nne ni kumwonyesha mama mambo ambayo nyumbani hawezi kuyaona: je, Mnigeria aliyezoea pafupafu atanunua mandazi mara ya pili, na ni saa ngapi sinia linakwisha? Kama mambo yakienda, pakiti 48 kwa maduka mawili hazihitaji saa nane, zinahitaji kama tano na nusu, maana unga unaumuka wenyewe na karai likishapata moto limepata. Hapo ndipo saa yake inaanza kusogea kwenye pauni 11. Mama ajue hivyo kabla hajapeleka barua, asije akakata tamaa wiki ya pili.

Na mwenye duka je? Pauni 12 kwa Jumamosi nzima hazimsisimui mtu mwenye foleni mlangoni. Barua nyingi hapa huahidi kwamba "nitakuletea wateja wengi". Kila anayeomba nafasi husema hivyo, na mwenye duka ameshayasikia. Mama aseme jambo ambalo linaweza kukaguliwa. Analo moja zuri: unga, mafuta, tui la kopo na sukari atavinunua kwenye duka hilo hilo. Mzigo huo ananunua kila wiki hata sasa, ila anaununua supamaketi. Mauzo hayo ni ya uhakika tangu siku ya kwanza, hata mandazi yakilala. La pili, wateja wake wa Wotsapu waliozoea kumfuata hadi mlangoni atawaambia wachukue pakiti zao dukani. Atoe idadi ya kweli. Wakiwa tisa aandike tisa. Mtu anayekuja kufuata pakiti ya pauni 2 na nusu ni nadra aondoke bila ndizi au maziwa, na hilo mwenye duka atalipima mwenyewe kwa macho.

Sasa tuje kwenye sheria za chakula, maana hapa ndipo barua nzuri nyingi huvunjikia. Mwenye duka akiwa makini, swali lake la kwanza litakuwa: umesajiliwa? Jiko la nyumbani linalouza chakula husajiliwa na kaunsili ya mahali jiko lilipo, siyo duka lilipo. Thamesmead mpaka unaipasua katikati: upande wa Southmere ni Bexley, na katikati ya mji ni Greenwich. Mama wetu anasajiliwa Bexley ingawa mandazi yatauzwa Greenwich. Afisa wa kaunsili anaweza kuja kukagua jiko, na baada ya ukaguzi linapewa alama ya usafi kutoka 0 hadi 5. Hapa England hakuna sheria ya kuibandika alama hiyo mlangoni, lakini yeyote anaweza kuitafuta mtandaoni, na mwenye duka ataitafuta. Kama mama ni mpangaji, aangalie pia mkataba wake wa nyumba unasemaje kuhusu biashara.

Halafu kuna lebo. Tangu Oktoba 2021 ipo ile wanayoiita Sheria ya Natasha, iliyotokana na kifo cha binti aliyekula mkate uliokuwa na ufuta bila kuandikwa. Watu wetu wengi wanaijua na wanadhani ndiyo inayowahusu hapa. Hiyo inahusu chakula kinachofungwa palepale kinapouzwa. Mandazi ya mama yanafungwa nyumbani kwake na kuuzwa na biashara nyingine, kwa hiyo yanadaiwa lebo kamili: jina la chakula, viambato vyote kuanzia kilicho kingi, uzito, tarehe ya mwisho, namna ya kuhifadhi, na jina na anwani ya aliyetengeneza. Katika viambato, vile vilivyomo kwenye orodha ya vitu 14 vinavyoleta mzio viandikwe kwa herufi za kuonekana zaidi. Kwa mandazi ni ngano, na maziwa na mayai kama ametia. Nazi haimo katika orodha ya 14 ya Uingereza, ila inabaki kwenye viambato kama kawaida.

Hiyo anwani huwashtua kina mama. Hawajafikiria kwamba mtaa wao utasomwa na kila anayenunua. Na inamshtua mwenye duka kwa sababu nyingine: mteja akishajua mama anakaa wapi, kwa nini arudi dukani? Jambo hili lisiachwe lije kuzuka baadaye kama ugomvi. Barua iseme wazi kwamba pakiti ndogo mama hatawauzia mlangoni wateja aliowapata kupitia duka. Oda kubwa za harusi, arobaini na ubatizo zinabaki zake, na vifaa vya oda hizo atavinunua dukani. Mwenye duka anaelewa lugha hiyo.

Nitawakatisha tamaa kidogo wapenzi wa sambusa. Sambusa za nyama zisiingie kwenye sinia la kwanza. Anayetengeneza vyakula vya nyama na kuviuza kwa biashara nyingine anaweza kuhitaji kibali cha kaunsili, ambacho ni kizito kuliko usajili wa kawaida. Kuna nafuu kwa biashara ndogo za mahali pamoja, lakini anayepima kama unaingia kwenye nafuu hiyo ni kaunsili, siyo wewe. Isitoshe, sambusa ya nyama inahitaji ubaridi au moto muda wote, na mandazi yanakaa kwenye kaunta bila wasiwasi. Yasiingizwe tu kwenye friji, yatakuwa magumu kabla ya saa sita.

Basi barua yenyewe. Ataiandika kwa Kiingereza, mimi nawasomea kwa Kiswahili.

"Ndugu mwenye duka, salamu. Mimi ni mteja wako na ni mpishi wa mandazi, mandazi ya nazi na iliki ya pwani ya Afrika Mashariki, yanayofanana kidogo na pafupafu. Jiko langu limesajiliwa na kaunsili ya Bexley, nina bima ya biashara, na nakala za karatasi zote ninazo.

"Naomba tujaribu Jumamosi nne. Nitaleta pakiti 24 saa mbili na nusu asubuhi, zina lebo kamili. Bei ni pauni 2 na senti 50. Kwa kila pakiti itakayouzwa wewe unabaki na senti 50. Zisizouzwa nitazichukua jioni, hasara ni yangu. Mandazi yanabaki mali yangu mpaka yauzwe. Kila Jumamosi nitaleta ankara yenye tarehe na idadi. Jioni tunaandika zilizouzwa na zilizorudi, sote wawili tunatia saini, na unanilipa Jumatatu.

"Unga, mafuta, tui na sukari nitanunua kwako. Nina wateja tisa wa kila wiki. Nitawaambia wachukue mzigo wao dukani kwako. Wateja nitakaowapata kupitia duka lako sitawauzia pakiti ndogo mlangoni kwangu. Oda kubwa za harusi, arobaini na ubatizo zinabaki zangu, na vifaa vyake nitavinunua kwako. Kila mmoja wetu anabaki na biashara yake, na yeyote anaweza kusimamisha jaribio hili wakati wowote kwa kutoa taarifa ya siku mbili. Baada ya Jumamosi ya nne tukae dakika 20 tutazame karatasi. Zikiwa zimeuzwa wastani wa pakiti 18 au zaidi, tuzungumze kuhusu kuendelea. Zikipungua, nitakushukuru na nitabaki mteja wako."

Imekwisha, ukurasa mmoja. Tazameni ile sentensi kwamba mandazi yanabaki mali yake mpaka yauzwe. Bila hiyo, duka likifilisika mtu anaweza kudai kwamba mzigo ulio dukani ni wa duka. Kwa mandazi 96 si kitu, lakini siku mzigo utakapokuwa wa pauni 800 za viungo na vitenge, sentensi hiyo itakuwa imeshazoeleka baina yao. Ankara nayo ina kazi zaidi ya pesa: sheria inamtaka mwenye duka aweze kuonyesha chakula alichonacho amekitoa kwa nani. Akija afisa akakuta mandazi yasiyo na ankara, anayesimamishwa kujieleza ni mwenye duka.

Idadi ya 18 pia inasemwa mapema kwa makusudi. Msipokubaliana mwanzoni mafanikio ni kiasi gani, baada ya wiki nne mama ataona pakiti 15 ni nyingi, mwenye duka ataona ni chache, na hapo hakuna atakayekuwa mwongo.

Kuipeleka kuna adabu yake. Asiende Jumamosi adhuhuri, watu wamejaa. Aende Jumanne asubuhi, amuulizie mwenye duka mwenyewe, siyo kijana wa kaunta ambaye atasema "sawa" bila mamlaka yoyote. Amwamkie kama mkubwa wake, Wanigeria kwa heshima hatuwapiti. Abebe sahani yenye mandazi ya asubuhi ile, amwachie na barua, aage. Asisubiri jibu papo hapo.

Na jaribio likianza, kuna dalili za kutazama. Sinia likihamishwa kutoka kaunta kwenda rafu ya nyuma wiki ya pili, mwenye duka ameshaamua ila anaona haya kusema. Muulize kwa upole na ujiandae kuondoka. Hesabu ya jioni ikipungua pakiti mbili kila wiki, usitaje wizi. Pendekezeni kuhesabu pamoja pia wakati wa kupokea, mara nyingi kosa linakuwa hapo. Bei ikipandishwa bila wewe kuambiwa, mkumbushe barua. Lakini malipo ya Jumatatu yakisogea hadi Alhamisi, kisha hadi wiki ijayo, mimi nasema usipeleke sinia la wiki hiyo. Mtu asiyelipa pauni 36 kwa wakati hatalipa 360. Hapo ndipo udogo wa jaribio unapokuokoa: umepoteza unga wa wiki moja.

Ninajua wapo watakaosema makaratasi yote haya ni ya nini kwa mandazi, na kwamba wao walikubaliana kwa mdomo na mambo yanakwenda vizuri. Yanaweza kwenda miaka. Makubaliano ya mdomo hayavunjiki siku za kawaida, yanavunjika siku mtoto wa mtu amevimba midomo baada ya kula, au siku duka limebadilisha mmiliki na yule mpya hajui habari za senti 50.

Kwa hiyo ewe mama unayenisikiliza ukiwa Thamesmead, Plumstead au popote, kabla ya kuandika barua angalia jiko lako liko chini ya kaunsili gani. Kujisajili ni bure, lakini kunatakiwa kufanywe angalau siku 28 kabla ya kuanza biashara. Anayetaka sinia lake liwe kaunta mwezi ujao ajaze fomu wiki hii.